Marejesho Yameidhinishwa

Ijumaa ile, saa tisa alasiri, simu ya mke wangu ililia mara moja tu, naye akaachia mkasi ukaanguka juu ya kitambaa cha mtu. Mke wangu ni fundi cherehani, na mkasi haachii ovyo. Alipopigiwa simu kuambiwa kwamba binti yetu wa mwisho amechumbiwa, alikuwa anakata kola. Alipiga vigelegele, akalia kidogo, na kola haikupinda hata uzi mmoja.

"Yameidhinishwa!" akasema.

"Yapi?"

"Marejesho! Vaa miwani usome mwenyewe."

Nikavaa, nikasoma: *Mteja wetu mpendwa, marejesho yako yameidhinishwa. Asante kwa kununua nasi.*

Sasa nieleze, msije mkadhani tulikuwa tunamdai mtu. Mke wangu hana overloki, ile mashine inayofunga ukingo wa kitambaa usifumuke nyuzi. Kila nguo anayoshona, hata iwe sketi ya mtoto, lazima aibebe mpaka kwa Bi Pindo, fundi mkongwe wa mtaa wa nyuma, afungiwe ukingo kwa malipo. Kwa hiyo mwezi uliopita tuliagiza overloki mpya kwenye duka la mtandaoni. Ikaja, nzuri, imenona kama ng'ombe wa tuzo. Fundi umeme akaitazama, akatutazama na sisi, akasema, "Wazee wangu, hii ni ya kiwandani. Inataka umeme wa nyaya tatu. Mkiiwasha hapa mtaa mzima utalala kiza." Tukairudisha ndani ya siku walizotupa, na kijana wa pikipiki wa duka akaja kuibeba.

Wiki hiyohiyo Bi Pindo akatangaza kwamba macho yamemchoka, Jumamosi ya wiki ijayo anahamia kwa mwanawe mji mwingine, na overloki yake, ya zamani lakini inayonguruma vizuri na kutumia umeme wa kawaida, anaiuza. Bei yake haikufika hata ile tuliyolipa dukani.

"Nakushikia wewe kwanza," alimwambia mke wangu, "kwa sababu umenilisha miaka kumi na tisa kwa kingo zako. Lakini fundi wa stendi anaitaka, na pesa anayo mkononi. Nakungojea mpaka Ijumaa ijayo jioni. Jumamosi asubuhi gari langu linaondoka, nami sisafiri na mashine mapajani."

Basi mnaona. Bi Pindo akiondoka na mashine ikienda stendi, mtaa mzima hauna overloki, na mke wangu atakuwa anapanda gari mara mbili kwa siku kufuata ukingo wa sketi. Pesa yote tuliyokuwa nayo ilikuwa ni ile ya marejesho.

"Bi Pindo ametupa wiki nzima!" mke wangu akacheka siku ile, akiokota mkasi. "Kufikia kesho itakuwa imeingia."

Jumamosi haikuingia. Jumapili akaitazama simu yake mpaka simu ikaona haya. Akaitazama na yangu.

"Mbona kwako pia hamna kitu? Si ulilipa kwa simu yako?"

"Nililipa," nikasema, nikauma ulimi kidogo, kwa sababu ambayo mtaijua baadaye. "Pesa ni kama abiria, Mama. Ikikuta foleni inapanga foleni."

"Wewe na abiria wako."

Mimi nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mizani ya malori barabara kuu, ndiyo maana hapa mtaani naitwa Mzee Mizani. Mtu aliyepima malori muda wote huo hakosi maelezo. Niliwahi kupima lori la pamba likawa zito kuliko lori la misumari. Tulipochunguza tukakuta dereva amemkumbuka mkewe njia nzima, amelia, na pamba yote imenyonya machozi. Nilimpiga faini ya huzuni. Kwa hiyo Jumatatu, nilipokuwa kibandani kwa wakala wa pesa za simu, ambako huwa tunacheza dama kuanzia saa nne hadi wateja watakapotufukuza, nilieleza wote waliokuwepo kwamba pesa ya mke wangu iko angani, imekutana na pesa za watu wengine, na zinasalimiana moja moja kwa adabu.

"Zina shikamoo ndefu," wakala akasema, akila kete yangu.

Huyu wakala ni rafiki yangu. Kazi yake kubwa, mbali na kuweka na kutoa pesa za watu, ni kulia njaa. Ukimwomba kiberiti anakuonyesha mfuko mtupu.

Jumatano mke wangu akapiga simu dukani. Akaambiwa asubiri siku tatu hadi saba za kazi. Akauliza, "Saba kuanzia lini?" Simu ikamchezea muziki. Akausikiliza muziki ule akiwa amesimama, mkono kiunoni, kisha akakata.

"Kesho tunakwenda," akasema. "Mimi na wewe. Uvae shati la kola."

Ofisi ya duka lile ilikuwa nyuma ya ghala lao. Kulikuwa na viti vitatu vya plastiki, feni moja iliyokuwa ikitazama ukuta, na kaunta yenye kioo. Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja mwenye kalamu nyweleni. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na pasi, viatu, birika na blenda, vyote vina karatasi za kurudishwa.

"Shikamooni."

"Marahaba mwanangu," mke wangu akajibu, na marahaba ile ilikuwa ya mwisho ya upole. "Mmeniandikia Ijumaa kwamba marejesho yameidhinishwa. Leo Alhamisi. Mmeidhinisha nini, salamu?"

Dada akacheka, akachukua namba ya oda, akabonyeza. "Mama, tulichoidhinisha Ijumaa ni kurudi kwa mashine. Watu wa ghala waliifungua, wakaona haijatumika na haijavunjika, wakaikubali. Ndiyo ile meseji."

"Na pesa?"

"Pesa ni marejesho mengine."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia? Yako mawili!"

"Kule mizani," nikaanza, "yalikuwa ma..."

"Nyamaza. Endelea mwanangu."

Dada akasogeza kiti. Nadhani alimpenda mke wangu, maana alimweleza kama mtu anayemweleza mamaye. "Ghala likikubali, karatasi inakwenda kwa wahasibu. Mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha. Hawaruhusiwi kuwa mtu mmoja, ili mtu asijilipe. Yenu ilifika kwao Ijumaa jioni, wameshafunga. Jumamosi na Jumapili hawapo. Jumatatu ikaandaliwa."

"Kwani pesa si ile ile niliyolipa? Mngeibonyeza tu irudi ilikotoka."

"Ingekuwa siku ileile mliyolipa, pengine. Lakini mlilipa mwezi uliopita. Pesa mnazotulipa zinaingia kwenye akaunti yetu ya kupokea, na kila usiku zinahamishiwa benki. Kule kwenye simu hazipo tena. Kwa hiyo hatuirudishi ile, tunawalipa upya. Tunatoa benki, tunaweka kwenye akaunti yetu nyingine ya kulipia watu, kisha kampuni ya malipo inatuma zote kwa pamoja, mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, siku za kazi. Ukikosa kundi la leo, unangoja la kesho."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikajua ameelewa kuliko mimi, kwa sababu mimi bado nilikuwa nafikiria usiku ule pesa zinavyohama na magodoro yao.

"Kumbe ni kama kwangu," akasema. "Mteja akiniletea kitambaa nikamwambia nimekipokea, haina maana gauni limeisha. Lakini mwanangu, hilo neno lenu linapotosha. Ukisema marejesho, mtu mwenye shida anasikia pesa. Andikeni *mzigo wako tumeupokea, pesa tutakutumia.* Maneno ni yaleyale matano sita."

"Matano kamili," dada akasema, akihesabu kwa vidole, kisha akachomoa kalamu nyweleni akaandika kweli, nilimwona. "Nitampa bosi. Kila siku nagombana na watu kumi kwa sababu ya neno hilo."

"Sasa, iliandaliwa Jumatatu. Leo Alhamisi."

Dada akabonyeza tena. Uso wake ukabadilika. "Eh. Ililipwa Jumanne, mama."

"Haikulipwa!"

"Ilitumwa Jumanne saa nne. Ikagonga, ikarudi kwetu. Imeandikwa hapa: *imeshindikana, mpokeaji atazidi kikomo cha salio.*"

Feni ikaendelea kuupepea ukuta.

"Mwanangu," mke wangu akasema polepole, "kila laini ina kikomo cha pesa inayoweza kukaa ndani?"

"Ndiyo. Ikizidi hapo haipokei. Na ikikataa, taarifa inakuja kwetu tu, mpokeaji haambiwi kitu."

"Mimi kwenye simu yangu nina pesa ya chumvi. Na huyu hapa hana hata ya chumvi. Nani huyo aliyejaa mpaka akafurika?"

"Pesa huwa tunaituma kwenye namba iliyolipa, mama, siyo namba ya mwenye oda. Ndiyo kanuni, ili mtu asilipe kwa pesa ya mwenzake halafu arudishiwe yeye." Akasogeza macho kwenye skrini. "Namba iliyolipa inaishia na sifuri saba."

Namba yangu inaishia na mbili tisa. Mke wangu anaijua kuliko tarehe ya ndoa yetu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale mbele ya kioo, pembeni ya birika la mtu.

"Mama," nikasema.

"Sema."

"Siku ile uliyonipa pesa nikalipe... nilimkuta wakala, tulikuwa katikati ya dama. Nilikuwa na kete mbili, nakaribia kupata kingi. Kuweka kwenye simu yangu kwanza, halafu kulipa, ingechukua muda, na makato juu. Nikamwambia, shika hii, nilipie wewe kwa simu yako, tusivunje mchezo."

"Na ukaniambia umelipa kwa simu yako."

"Nilisema nimelipa. Ya simu uliuliza wewe, nikaitikia tu."

"Ulishinda?"

"Nini?"

"Hiyo dama."

"Hapana."

Dada akainama chini ya kaunta kama anatafuta kitu. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Basi nitumie kwenye namba yangu," mke wangu akamwambia, "kwa kuwa mume wangu ni mtu wa dama."

"Kubadilisha namba inabidi mwenye sifuri saba aandike barua na kuleta kitambulisho, halafu inaanza upya kwa wahasibu. Itakuwa wiki ijayo. Na mkikaa tu, malipo yaliyokwama hupitiwa kila Ijumaa mchana na kurudiwa Jumatatu. Lakini..." Akatazama saa ya ukutani. "Mwenye sifuri saba akipunguza salio leo, mimi naweza kuomba irudiwe kwenye kundi la kesho saa nne. Hela ilisharudi kwenye akaunti yetu ya kulipia, haihitaji benki tena. Mwidhinishaji yupo mpaka saa kumi."

"Itapunguzwa," mke wangu akasema. Hakuuliza. Hata jeshi lingemsikia lingepunguza.

Tulirudi mtaani jua likiwa kali. Kibandani kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, na wakala akiwa ndani anahesabu noti akilamba kidole.

"Shemeji, karibu!" akasema. "Mzee Mizani, kete zako zipo hapa zinalia."

"Simu yako inayoishia na sifuri saba," mke wangu akasema, "ina pesa kiasi gani?"

Wakala akaacha kulamba. "Ipi, shemeji? Ile ya... ile haina kitu. Mimi hali yangu unaijua. Jana nimelala na maji."

"Ofisi nzima kule imeona umejaa mpaka pesa yangu imegonga ukuta ikarudi."

Foleni yote ikamgeukia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Na wewe ndiye uliyeniomba nikuachie chenji ya jana!"

"Tulieni jamani, tulieni! Ile siyo ya kazi, ni laini yangu binafsi." Wakala akashusha sauti, jambo lisilosaidia kitu katika kibanda cha mabati kama kile. "Ni ya paa. Nimekuwa naweka ya kuezeka nyumba. Miaka miwili sasa. Nangoja bei ya mabati ishuke."

"Imewahi kushuka?"

"Haijawahi."

"Itashuka?"

Wakala akafikiri kwa unyofu. "Sidhani."

"Basi leo ndiyo siku yake," mke wangu akasema. "Funga kibanda. Duka la vifaa vya ujenzi liko hatua mia. Unanunua mabati unalipa kwa simu, nafasi inapatikana, kesho pesa yangu inaingia, unaiingiza kwenye simu yangu. Mkeo amekinga ndoo ndani mvua mbili, mimi nimeziona. Ndoo ya bluu na ya kijani."

Siwezi kusema wakala alikwenda kwa furaha. Alikwenda kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, mimi mkono huu, mke wangu mkono ule, na foleni yote nyuma, maana watu wetu wakiona mtu anatoa pesa hawataki kusimuliwa. Pale dukani alibishana bei kwa dakika arobaini. Alibisha mpaka muuzaji akatoa kiti akaketi. Alibisha hata rangi. Mwishowe akabonyeza namba ya siri huku amefumba macho. Simu ikalia, muuzaji akasema imeingia, na mabati ishirini na nne yakaanza kupakiwa kwenye mkokoteni. Na hapo, nawaambieni, wakala akatabasamu. Akaligonga moja kwa kidole, likalia *ngwaa*, akaligonga tena.

Saa tisa na nusu mke wangu akampigia dada wa kaunta. "Amepunguza." Dada akasema, "Nimeshamwambia mwidhinishaji. Imeingia kundi la kesho."

Ijumaa saa tatu tulikuwa kibandani. Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Hakuna aliyethubutu kutaja dama. Mke wangu alikaa kwenye benchi amekunja mikono, wakala ameweka simu mezani kama mgonjwa, sisi tunaiangalia inavyopumua. Saa nne na dakika thelathini na tano nikaanza kueleza kwamba huenda pesa zimekutana na...

Simu ikalia.

Wakala akaisoma kwa sauti, mpaka jina la duka. Kabla hajamaliza mke wangu alikuwa amemsogezea simu yake mwenyewe chini ya pua. "Tuma." Akatuma, na makato akayalipia yeye, ingawa mke wangu alihakikisha mimi ndiye ninayemrudishia makato hayo.

Tulipofika kwa Bi Pindo tukakuta masanduku mlangoni, na fundi wa stendi amekaa juu ya mojawapo na bahasha mkononi.

"Nimemwambia mara tatu," Bi Pindo akasema kabla hatujapiga hodi. "Nilisema jioni. Saa tano siyo jioni. Hakuna fundi anayejua saa kama mimi, na huyu amenikalia sandukuni tangu saa mbili."

"Mama, kama hawana..." fundi wa stendi akaanza.

"Wanayo?" Bi Pindo akauliza.

Mke wangu akabonyeza. Kabla hajarudisha simu kwapani, simu ya Bi Pindo ikalia ndani ya sanduku la vyombo. Alilifungua, akaitoa kati ya sufuria mbili, akaisoma kwa kuisogeza mbali na uso.

"Imeingia yote."

"Sasa hii mbona imefika kabla sijapepesa macho?" nikauliza. "Na ile siku saba?"

"Hii imetoka kwenye simu yangu kwenda kwenye simu yake," mke wangu akasema. "Hapa mwidhinishaji ni mimi. Shika upande huo, mzito ni huu."

Fundi wa stendi akaondoka na bahasha yake, lakini si mtu mbaya, alitusaidia kuipandisha mashine kwenye mkokoteni. Bi Pindo alitembea nayo hadi kona, kiganja juu ya kichwa cha mashine, akimwagia mke wangu maelezo: sindano ya kushoto inapenda kulegea, mafuta kidogo kila Jumatatu, na isipigwe hata ikikosea. Pale konani akaipapasa mara mbili, akageuka haraka, akarudi kwenye masanduku yake.

Nyumbani tukaiweka karibu na dirisha. Mke wangu akapitisha nyuzi mwenyewe, miwani kwenye ncha ya pua, akachomeka, akakanyaga. Ikanguruma. Akachukua sketi moja iliyokuwa mezani tangu Ijumaa iliyopita, akaipitisha, na ukingo ukatoka umefungwa, mweupe, umenyooka. Akaushika mwangani. Akautazama muda mrefu kuliko sketi inavyostahili.

"Hodi!" mtu akaita nje. Alikuwa fundi mwenzake wa njia panda, kabeba magauni matatu begani, jasho linamtoka. "Nimekwenda kwa Bi Pindo nimekuta anafunga masanduku. Eti wanasema overloki iko hapa?"

"Iko hapa," mke wangu akasema, akivuta kiti kwa mguu bila kuinuka. "Keti, dada. Leta la kwanza."